Kuchagua benki ya mshahara na mkopo, hatua kwa hatua: jinsi tulivyolinganisha na mpwa wangu

Mpwa wangu ni mwalimu wa sekondari, amepangiwa kata moja ya ndani wilayani Liwale, mkoani Lindi. Mshahara wake ulikuwa unapita kwenye akaunti aliyofungua akiwa chuo Dar es Salaam. Alipotaka mkopo wa shilingi milioni 6, anunue pikipiki na amalizie kuezeka nyumba ya mama yake, benki mbili zikamfuata hadi shuleni, kila moja na karatasi yake. Akanipigia: "Mjomba, nisaini ipi?" Mimi ni mweka hazina wa saccos ya walimu kwa miaka mingi sasa, na karatasi za namna hiyo nazisoma kila wiki. Tulikaa jioni tatu kwenye simu. Njia tuliyopita ni hii.

Hatua ya 1: Andika unachofanya na pesa, siyo unachotaka benki iwe nacho

Chukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu iliyopita. Hesabu umetoa pesa mara ngapi na wapi, umetuma kwa mitandao ya simu mara ngapi, umelipa kwa kontroli namba mara ngapi, umenunua umeme mara ngapi. Mpwa wangu kwa mwezi alikuwa anatoa kwa wakala mara nne, anamtumia mama yake mara mbili kwenye simu, ananunua umeme mara moja. Kwa miezi yote mitatu hakuingia tawini hata siku moja. Orodha hii ndiyo mizani ya hatua zote zinazofuata.

Hatua ya 2: Matawi na mawakala

Idadi ya matawi nchi nzima haikusaidii. NMB na CRDB zote zina mtandao mpana wa matawi na mawakala, lakini wewe unaishi sehemu moja. Nenda kwa wakala wa karibu siku ile ile mishahara inapotoka, saa kumi jioni, uombe kutoa laki tatu. Akikuambia "floti imeisha, njoo kesho," umepata jibu ambalo hakuna kipeperushi kitakachokupa. Mpwa wangu alijaribu kwa mawakala wawili pale senta. Mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimpa hela papo hapo, kwa sababu mauzo ya saruji yanamwachia noti mkononi. Mwingine wa duka dogo la vocha alikuwa na elfu sabini tu.

Tawi utalihitaji kwa mambo machache: kadi ikimezwa, mkopo kusainiwa, muamala wenye mgogoro, na ukibadilisha laini ya simu. Hili la mwisho watu hulisahau. Benki nyingi hufunga huduma ya simu ukifanya ubadilishaji wa laini, na kuna zinazokutaka ufike mwenyewe na kitambulisho ndipo zifungue. Uliza mapema: nikipoteza simu, ni lazima nifike tawini au naweza kusaidiwa na kituo cha huduma kwa wateja? Kwa mtu wa kijijini, jibu hilo ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku nzima ya kazi.

Hatua ya 3: Programu ya simu

Usipime kwa picha za dukani. Mwombe mwenzako anayetumia benki hiyo akae nawe dakika kumi, na mjaribu mkiwa eneo lenye mtandao dhaifu. Angalia kama unaweza kupakua taarifa ya akaunti ya miezi sita bila kwenda tawini, na kama kabla ya kuthibitisha inakuonyesha makato ya muamala. Muulize pia muamala wake wa mwisho uliokwama ulirudishwa baada ya muda gani.

Halafu jaribuni menyu isiyohitaji bando, yaani *150*03# kwa CRDB au *150*66# kwa NMB. Kule ndani, hiyo ndiyo benki yako halisi, na mimi naipa uzito kuliko programu yenye rangi nzuri.

Hatua ya 4: Ada

Chukua jedwali la tozo la kila benki, zipo kwenye tovuti zao na ukutani tawini. Zidisha kila ada kwa idadi uliyoandika Hatua ya 1, jumlisha, basi. Kwa mpwa wangu, benki iliyojitangaza haina ada ya mwezi ilimgharimu zaidi, kwa sababu kutuma kwenda mitandao ya simu kulikuwa ghali na yeye hutuma kila mwezi. Lakini tofauti yenyewe haikufika elfu nne kwa mwezi. Kwa mwenye mpango wa kukopa, ada isimle muda. Pesa kubwa iko hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Mkopo

Hapa ndipo nilipopoteza miaka. Mkopo wangu wa kwanza niliuchukua kwa sababu asilimia yake ilikuwa ndogo kuliko ya benki jirani. Baada ya mwaka na nusu nikapata fedha, nikaenda kumaliza deni, nikaambiwa nilipe riba yote ya miaka mitatu kana kwamba sikuwa nimewahi. Ilikuwa kwenye mkataba. Sikuwa nimeisoma.

Viwango viwili vya riba havilinganishiki mpaka ujue vinahesabiwa juu ya nini. Kuna riba ya salio: kila mwezi unatozwa kwa deni lililobaki, hivyo riba inapungua kadiri unavyolipa. Na kuna inayoitwa flati: unatozwa kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama umebakiza robo.

Karatasi mbili za mpwa wangu zilikuwa hivi, zote milioni 6 kwa miezi 36. Benki ya kwanza asilimia 17 kwa mwaka, riba ya salio. Benki ya pili asilimia 10, flati. Akaniambia, "Mjomba, si wazi kabisa? Kumi na kumi na saba!" Nikamwambia afungue Excel au Google Sheets kwenye simu, aandike:

```
=PMT(17%/12,36,-6000000)
```

Jibu ni rejesho la takriban 213,916 kwa mwezi. Kwa miezi 36 riba inakuwa kama 1,701,000. Ile ya flati haihitaji fomula: asilimia 10 ya milioni 6 ni laki sita, mara miaka mitatu ni 1,800,000. Jumla 7,800,000, gawa kwa 36, rejesho 216,667. Ile "kumi" ni ghali kuliko ile "kumi na saba". Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaomba turudie.

Bado hatujafika kwenye makato ya mwanzo. Benki ya kwanza ilikata ada ya mkopo na bima jumla 120,000, ya pili 240,000. Maana yake mkononi utapokea 5,880,000 kwa moja na 5,760,000 kwa nyingine, ila unalipa kana kwamba umepewa milioni 6 kamili. Kwa hiyo uliza swali moja tu kwa kila benki: siku ya mkopo, akaunti yangu itaingia shilingi ngapi hasa, na kila mwezi nitakatwa shilingi ngapi hasa? Namba hizo mbili pamoja na idadi ya miezi ziingize hapa:

```
=RATE(36,-213916,5880000)*12
=RATE(36,-216667,5760000)*12
```

Ya kwanza inatoa karibu asilimia 18.5, ya pili karibu 20.9. Hizo ndizo riba za kweli za kulinganisha. Kikokotoo kilichopo kwenye tovuti ya benki mimi sikitumii kwa kazi hii, kwa kuwa mara nyingi hakiingizi ada na bima.

Tahadhari, maana kuna mahali hesabu hii hukosewa:

Rejesho liandikwe na alama ya kutoa mbele yake, la sivyo utapata kosa. Jibu likitokea kama 0.185, ndiyo asilimia 18.5, likitokea 18% kavu, ongeza desimali kwenye seli. Simu ikikataa mkato, weka nukta mkato badala yake.

Bima ikilipwa kila mwezi badala ya mwanzoni, ijumlishe kwenye rejesho. Ada ikiongezwa juu ya deni badala ya kukatwa, rejesho litakuwa kubwa zaidi, lakini kanuni ni ile ile: kinachoingia mkononi na kinachotoka kila mwezi. Afisa akikupa rejesho kwa mdomo, mwombe jedwali la marejesho lililochapwa. Ukiona safu ya riba inabaki ile ile kila mwezi wakati deni linashuka, hiyo ni flati, hata akiiita jina gani.

Kisha uliza habari ya kumaliza mapema: "Nikitaka kufunga deni baada ya miezi 18, nitalipa ngapi?" Wakuandikie. Kwa benki ya kwanza deni linalobaki ni kama 3,378,000, ongeza faini kama ipo. Benki ya pili ilijibu kwamba riba yote inadaiwa, hivyo ni milioni 3 ya mtaji na laki tisa ya riba, 3,900,000. Zaidi ya nusu milioni, kwa swali la dakika moja. Mwalimu anayetegemea mavuno ya korosho kila msimu asikose kuliuliza.

La mwisho kwenye mkopo ni theluthi. Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Wa mpwa wangu ni 780,000, theluthi yake 260,000. Baada ya kodi, PSSSF, NHIF, CWT na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, alibaki na kama 521,000, hivyo mfumo ungemruhusu kukatwa hadi 261,000. Afisa wa benki ya pili alimshawishi, "Mwalimu, unaweza kuchukua zaidi, nafasi ipo." Nafasi hiyo ni kikomo cha makato, haikuhesabu kodi ya chumba wala mafuta ya pikipiki. Alibaki kwenye milioni 6.

Hatua ya 6: Kuhamisha

Kufungua akaunti unajua mwenyewe, kitambulisho cha NIDA na barua ya mwajiri. Namba mpya ya akaunti ipeleke kwa afisa utumishi mwanzoni mwa mwezi, kabla mishahara haijaandaliwa. Akaunti ya zamani usiifunge mpaka mshahara mmoja mzima uingie kwenye mpya. Maombi ya mkopo yanapita kwenye mfumo wa ESS. Kabla ya kuthibitisha, linganisha rejesho na idadi ya miezi unayoiona pale na jedwali ulilopewa, namba kwa namba.

Mpwa wangu alichukua benki ya kwanza, ile ambayo muuza saruji ndiye wakala wake. Hati yake ya mshahara ya mwezi uliofuata alinitumia picha saa moja asubuhi, kidole kikiwa kwenye mstari wa makato: 213,916.