Somo: Kusoma taarifa ya benki mstari kwa mstari na kuukamata mkato uliojirudia

Nitatumia taarifa yangu mwenyewe ya Juni 2025. Jumamosi tarehe 14 nilikwenda duka kubwa hapa Dar, nikalipa kwa kadi 86,500. Mashine ikazunguka weee, ikaandika kwamba mtandao umegoma. Keshia akaniomba nichanje tena. Mara ya pili ikapita, nikapewa karatasi, nikaondoka. Siku kumi baadaye nilipochukua taarifa nikakuta hivi:

```
POST DATE  VALUE DATE  DETAILS               DEBIT    BALANCE
16-06      14-06       POS PUR 516515204471  86,500   412,300
16-06      14-06       POS PUR 516515204502  86,500   325,800
17-06      17-06       ATM WDL              200,000   125,800
17-06      17-06       ATM WDL CHG            1,500   124,300
17-06      17-06       VAT ON CHG               270   124,030
```

Hatua ya 1: Fuata salio kabla ya kufuata majina. Chukua salio la mstari wa juu, toa kilichokatwa kwenye mstari unaofuata, uone kama unapata salio la mstari huo unaofuata. 412,300 kutoa 86,500 ni 325,800, kwa hiyo hela imetoka kweli mara ya pili. Watu wanaruka hatua hii, halafu wanakwenda kugombana benki bure. Ukichapisha taarifa kwa vipande, tuseme tarehe 1 hadi 16 kisha 16 hadi 30, miamala ya tarehe 16 itatokea kwenye karatasi zote mbili. Ukiiona mara mbili lakini salio limeshuka mara moja tu, hapo hujaibiwa, umechapisha mara mbili. Na salio lisipoungana kabisa, kuna ukurasa umekosekana.

Hatua ya 2: Mweke mama na watoto wake pamoja. Mistari mitatu ya mwisho ni tukio moja: nimetoa 200,000 kwenye ATM, benki ikakata ada 1,500, na juu ya ada ikakata VAT asilimia 18, yaani 270. Zipo benki zinazoonyesha pia ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye mstari wake. Ukikutana na kimkato cha ajabu kama 270, kigawe kwa 0.18. Ukipata ada iliyo jirani yake, mtoto amepata mama. Ukikosa, kizungushie duara kwa kalamu.

Hatua ya 3: Tumia tarehe ya pili. POST DATE ni siku benki ilipouandika muamala kwenye vitabu vyake. VALUE DATE kwa manunuzi ya kadi mara nyingi ndiyo siku uliyochanja. Ununuzi wa Jumamosi unaweza kuandikwa Jumatatu. Mtu anaona tarehe 16, anakumbuka alishinda ofisini siku hiyo, anasema "huyu si mimi", kumbe ni yeye wa juzi yake.

Hatua ya 4: Linganisha namba ya rejea. Hapa ndipo kesi inapoamuliwa, kwa hiyo tulia kidogo.

Kiasi sawa, siku sawa, duka lilelile, hivyo vitatu havitoshi kusema umekatwa mara mbili. Huenda ulinunua, ukasahau maziwa, ukarudi. Kila ombi linalotoka kwenye mashine ya kadi hupewa namba ya tarakimu 12, na kwenye karatasi inaandikwa RRN. Kwa mashine nyingi namba hiyo inasomeka: 5 ya kwanza ni mwaka 2025, 165 ni siku ya 165 ya mwaka, yaani 14 Juni, na 15 ni saa ya Greenwich. Ongeza 3 unapata 18, saa kumi na mbili jioni kwetu. Hapo nikajua namba zote mbili zimetoka kwenye ile foleni yangu ya Jumamosi.

Karatasi niliyopewa ilikuwa na namba inayoishia 502. Inayoishia 471 haikuwa na karatasi. Basi ndiyo ile mara ya kwanza: ombi lilifika benki, benki ikakata, jibu likapotea njiani. Mashine ilitakiwa itume ujumbe wa kufuta, nao haukufika.

Hatua ya 5: Tafuta marejesho kabla ya kulalamika. Shuka chini ya taarifa utafute mstari wa upande wa CREDIT wenye REV au REVERSAL na namba ileile ya rejea. Mara nyingi hela hurudi yenyewe baada ya siku chache, na ikirudi kimya kimya hutaijua usipoitafuta. Yangu haikuwa imerudi hadi tarehe 24. Nikaandika barua pepe ya mistari mitano: tarehe, kiasi, namba zote mbili za rejea, ipi ina karatasi na ipi haina, na picha ya karatasi. Mhudumu alinijibu kwanza kwamba "manunuzi yote mawili ni halali", nikamrudishia swali moja tu: duka limelipwa kwa 471? Baada ya hapo hela ilirudi. Muuza duka naye msimlaumu haraka. Akisema kwake imeingia moja, mara nyingi anasema kweli, kwa sababu ile ya kwanza haikuingia kwenye hesabu ya mashine yake ya kufunga siku.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nimekuta jina la kampuni nisilolijua kabisa, 34,000. Nifunge kadi?*

Usikimbilie kufunga, dada. Jina la kwenye taarifa ni lile mwenye biashara alilosajili mashine, na si la kwenye kibao. Famasi unayoijua kwa jina la mtaa inaweza kutokea kwa jina la kampuni ya mwenyewe. Angalia VALUE DATE, kisha fungua meseji za simu za siku hiyo uone ulikuwa wapi. Ukishindwa kabisa kuliunganisha, hapo ndipo unafunga, siku hiyohiyo. Lakini kukiwa na mkato mdogo sana wa mtandaoni, kama thamani ya dola moja, na hukununua kitu, usingoje uchunguzi. Wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza.

*Kaka, kuna huduma ya filamu inanikata kila mwezi, ila kiasi hakifanani. Wananiibia kidogo kidogo?*

Bei yake huenda ni ya dola, na shilingi inapanda na kushuka, tena benki huongeza ada yake ya kubadilisha fedha. Tazama tarehe badala ya kiasi: ikikata mara moja kila mwezi karibu siku ileile, ni huduma ileile. Mikato miwili ndani ya mwezi mmoja ndiyo ya kuuliza, na mara nyingi utakuta una akaunti mbili, moja ulijiunga kwa barua pepe ya zamani.

*ATM ya benki nyingine ilinikata 100,000 bila kutoa noti. Niende kwao?*

Nenda benki yako, wao ndio wenye akaunti yako. Wape siku, saa, na mashine ilipo. Benki yako itawaandikia wale wenye mashine, nao wataangalia kumbukumbu ya mashine na kuhesabu noti zilizobaki. Hela yako ikiwa haikutoka, itaonekana kama ziada ndani ya sanduku. Kama ulijaribu mara mbili, taja jaribio lipi lilitoa noti, maana wasipojua hilo wataliona lile lililofaulu na kukujibu kwamba ulipata.