Punguzo kwenye ankara yenye bidhaa mseto

Ukiuzia shule hapa Nakuru maharagwe makavu na sabuni kwenye ankara moja, usikimbilie kuzidisha jumla kwa asilimia 16. Maharagwe yamesamehewa VAT, sabuni inatozwa, kwa hivyo kila mstari upigiwe hesabu yake.

Shida kubwa huja mteja akiomba apunguziwe. Tuseme maharagwe ni 30,000, sabuni 10,000 kabla ya kodi, nawe umempunguzia 2,000 kwa jumla. Gawanya punguzo hilo kulingana na thamani ya kila mstari: maharagwe ni robo tatu ya mauzo, yanabeba 1,500, na sabuni inabeba 500. Sabuni inabaki 9,500, VAT yake ni 1,520. Mteja atalipa 28,500 + 9,500 + 1,520, yaani 39,520.

Wengi huondoa punguzo lote kwenye sabuni, VAT ikashuka hadi 1,280. Hapo umepunguza kodi kwa 240 bila haki, na mkaguzi huliona upesi. Na kama bei ya sabuni tayari ina VAT ndani, igawe kwanza kwa 1.16, ndipo ugawanye punguzo.