Somo: Mteremko, uelekeo na mkusanyiko wa maji kutoka modeli moja ya mwinuko

Kosa moja nililifanya mwenyewe, nikaligundua baada ya ramani kumfikia mteja. Nilichukua modeli ya mwinuko, nikaziba mashimo yake ili maji yaweze kutiririka, kisha nikatumia faili hilohilo kupigia mteremko. Nyuma ya tuta la barabara kukatokea uwanda mpana wenye mteremko wa nyuzi 0, na mtu aliyeifahamu sehemu hiyo akaniuliza lile bonde limekwenda wapi. Bonde lilikuwa palepale. Mimi ndiye niliyelijaza.

Kwa hiyo mpangilio ninaoutumia sasa unaanza na faili moja, halafu unagawanyika njia mbili. Mteremko na uelekeo hutoka kwenye nakala isiyoguswa, mkusanyiko wa maji hutoka kwenye nakala iliyorekebishwa, na nakala hizo mbili hazirudi kuchanganyika.

Hatua ya 1: Toa data kwenye nyuzi, uipeleke kwenye mita

Modeli za mwinuko za SRTM na Copernicus GLO-30, zilizopimwa kwa rada, huja zikiwa na pikseli zinazopimwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo, wakati mwinuko wenyewe uko kwa mita. Badilisha kwanza:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -r bilinear ghafi.tif dem_utm.tif
```

Badala ya 32737 weka namba ya kanda yako ya UTM. Usiiache `-r bilinear`, maana usipoitaja, GDAL huchukua thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi, na baadhi ya safu hujirudia. Kwa macho huoni kitu kwenye mwinuko wenyewe, lakini ukipiga mteremko utaona mistari iliyonyooka kama ya kitambaa.

Chukua eneo kubwa kuliko unalolihitaji. Ukikata modeli kwenye mpaka wa eneo lako, maji yanayoingia kutoka juu yake hayatahesabiwa, na mto mkubwa utaonekana kama kijito kilichoanzia pembeni mwa ramani.

Hatua ya 2: Mteremko na uelekeo

```
gdaldem slope dem_utm.tif mteremko.tif
gdaldem aspect dem_utm.tif uelekeo.tif
```

Tuone kinachofanyika ndani. Hizi ni pikseli tisa za mita 30, kaskazini ikiwa juu:

```
112 110 108
109 107 104
106 103 101
```

Kanuni ya Horn, ambayo gdaldem huitumia usipochagua nyingine, hujumlisha safu ya mashariki huku pikseli ya katikati ikihesabiwa mara mbili: 108 + 208 + 101 = 417. Magharibi ni 112 + 218 + 106 = 436. Tofauti ni −19, unaigawa kwa 8 × 30, unapata −0.079. Kusini kutoa kaskazini ni 413 − 440 = −27, nayo inakuwa −0.1125. Ardhi inashuka kuelekea mashariki kidogo, na kusini zaidi. Mzizi wa jumla ya miraba yake ni 0.138, yaani mteremko wa asilimia 13.8 au nyuzi 7.8. Uelekeo ni takriban nyuzi 145 kutoka kaskazini, yaani kusini-mashariki.

Sasa weka namba hizohizo kwenye kanuni ileile, ila upana wa pikseli uwe nyuzi 0.000278 badala ya mita 30. Jibu ni nyuzi 89.996. Ukiona ramani nzima ya mteremko imekaa karibu na 90, kana kwamba nchi yote ni ukuta, rudi Hatua ya 1.

Hatua ya 3: Nakala ya maji

Modeli yoyote ina mashimo, yaani pikseli zilizozungukwa pande zote na zilizo juu yake. Machache ni ya kweli. Mengi ni makosa ya vipimo, au ni tuta la barabara ambalo maji hupita chini yake kwa kalavati ambalo rada hailioni. Kujaza shimo kunainua bonde hadi kimo cha tuta. Mimi napendelea kutoboa tuta, kwa sababu ardhi inayobadilika ni kidogo na njia ya maji hufanana zaidi na ile halisi:

```
whitebox_tools -r=BreachDepressionsLeastCost --wd="/kazi" -i=dem_utm.tif -o=dem_maji.tif --dist=50 --fill
```

`--dist` ni idadi ya pikseli, kwa hiyo 50 hapa ni kama kilomita 1.5. Shimo lisilopata njia ndani ya umbali huo ndilo litakalojazwa.

Hatua ya 4: Mkusanyiko

```
whitebox_tools -r=D8FlowAccumulation --wd="/kazi" -i=dem_maji.tif -o=mkusanyiko.tif --out_type=cells
```

Mkusanyiko ni hesabu ya pikseli ambazo maji yake hupitia kwenye pikseli husika, yenyewe ikiwemo. D8 hutuma maji yote ya pikseli kwa jirani mmoja tu, yule mwenye mshuko mkali zaidi. Rudi kwenye zile tisa. Kutoka 107 kwenda kusini ni mita 4 kwa 30, yaani 0.133. Kusini-mashariki ni mita 6, lakini umbali wa mshazari ni mita 42.4, hivyo 0.141. Mshazari unashinda kwa kiduchu. Kosa la nusu mita tu lingeyapeleka maji kwingine, ndiyo maana kwenye ardhi tambarare siiamini njia ya kijito kimojakimoja.

Ukifungua matokeo na kuona weusi mtupu, hakuna kilichoharibika. Pikseli chache zina thamani kubwa mno, nyingi zina 1 au 2. Ionyeshe kwa logi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kijito kianzie kwenye pikseli ngapi?*

Anza na eneo, si na namba uliyoiona kwenye mfano wa mtu. Pikseli moja ni mita za mraba 900, hivyo kilomita 1 ya mraba ni pikseli 1,111. Jaribu hapo, kisha linganisha na picha ya setilaiti. Vijito vikianzia juu ya vilele, pandisha. Vikianza chini kuliko mabonde unayoyaona, shusha.

*Mimi nimepata mito iliyonyooka, sambamba, kama imechorwa kwa rula. Nimekosea wapi?*

Hapo kuna shimo kubwa lililojazwa likawa bapa, na programu imelazimika kubuni njia ya kutokea. Toa `dem_utm.tif` kwenye `dem_maji.tif` uone ni wapi kimo kimepanda na kwa mita ngapi. Ikiwa ni ziwa la kweli, iache. Ikiwa ni bonde, ongeza `--dist`.

*Wastani wa uelekeo wa shamba langu umetoka 180, kusini, wakati lote linatazama kaskazini. Inawezekanaje?*

Nyuzi 350 na nyuzi 10 zote ni kaskazini, ila wastani wake wa kawaida ni 180. Tafuta wastani wa sine na wa kosine kila mmoja peke yake, halafu urudishe pembe kwa `atan2`. Na uondoe kwanza −9999, ambayo gdaldem huiweka palipo bapa.

*Pembezoni mwa msitu napata mteremko mkali, na nakujua ni tambarare.*

Rada imesoma miti. Kimo kikipanda mita 20 ghafla, kanuni ya juu itatoa nyuzi 18 hata kama ardhi chini ni kama meza. Na kulainisha hakusaidii, kunautandaza tu ukingo huo wa uongo. Funika ukanda wa pikseli mbili kila upande wa mpaka wa msitu, na usiutumie kwenye hesabu za mteremko.