Jinsi ya kukokotoa kasi ambayo chombo cha anga hupata kwa Mshtarii bila kuchoma mafuta

Wanafunzi wengi ninaowafundisha fizikia hapa Mwanza hujibu haraka: chombo huongeza kasi kwa sababu sayari inakivuta. Hiyo ni nusu ya jibu. Kikikaribia kinakimbia zaidi, kweli, lakini kikianza kuondoka mvutano uleule unakirudisha nyuma na kasi yote ya ziada inapotea. Kwa mtazamaji aliyeko Mshtarii, chombo huondoka kwa kasi ileile kiliyojia. Kilichobadilika ni mwelekeo tu.

Faida inaonekana ukipima kutoka kwenye Jua. Chukua kivuko cha Ukerewe: abiria anatembea sitahani kuelekea nyuma, kisha anageuka na kwenda mbele kwa mwendo uleule. Aliyebaki ufukweni anamwona ameongeza kasi, kwa kuwa sasa mwendo wake unajumlishwa na wa kivuko badala ya kupunguzwa.

Sasa tukokotoe. Andaa karatasi ya grafu na rula. Sentimita 1 iwe kilomita 1 kwa sekunde.

Hatua ya 1. Mshtarii hulizunguka Jua kwa takriban kilomita 13 kwa sekunde. Mwelekeo wake uwe mlalo, kulia. Chombo chetu cha mfano kina 7 kwa mlalo na 8 kwa wima, yaani kuelekea nje, mbali na Jua. Kasi yake ni √(7² + 8²), karibu 10.6.

Hatua ya 2. Hamia Mshtarii: toa 13 kwenye mlalo. Unabaki na −6 na 8. Pima mshale huo. Una sentimita 10 kamili.

Hatua ya 3. Ugeuze mshale nyuzi 90 kuelekea kulia. Unakuwa 8 na 6. Pima tena. Kama si sentimita 10, umekosea, usiendelee. Kona hii inawezekana: inahitaji chombo kipite kama kilomita 525,000 kutoka kitovu cha Mshtarii, na chombo cha Voyager 2 kilipita umbali wa laki kadhaa za kilomita kutoka sayari hiyo tarehe 9 Julai 1979.

Hatua ya 4. Rudisha zile 13: sasa ni 21 na 6. Kasi kwa Jua ni karibu 21.8, zaidi ya maradufu, na injini haijawashwa. Nishati hiyo imetoka kwenye mwendo wa Mshtarii wenyewe, ambao umepungua kwa kiasi kisichopimika, maana sayari ni nzito mno.

Yote hayo yanategemea upande. Hapa chombo kimepita nyuma ya Mshtarii, hivyo kimevutwa kule sayari inakoelekea. Kipitishe mbele yake, mshale ugeuke kushoto nyuzi 90, upate −8 na −6. Ongeza 13: 5 na −6, kasi 7.8, na chombo kinarudi upande wa Jua. Wanaopeleka vyombo Zebaki huhitaji upungufu wa namna hii. Messenger iliutafuta kwa kupita karibu na Zuhura mara mbili.