Kabla Hujabonyeza Kitufe cha Kutuma: Mambo ya Kupitia Katika Barua Pepe Muhimu

Mzigo ukisahaulika ndani ya basi pale Uyole, unaweza kumpigia simu wakala wa Makambako akaushusha na kukurudishia kwa basi la jioni. Barua pepe haina Makambako. Ndiyo maana naandika orodha hii kwa ajili ya yeyote anayetuma barua ya bei, ya zabuni, ya maombi ya kazi au ya malalamiko, na naomba aifuate jinsi ilivyo, hata pale atakapoona namsumbua kwa mambo anayoyajua.

Mambo mepesi yamalizwe kwanza. Tahajia ipitiwe mara moja, polepole. Tarehe ilinganishwe na kalenda, ili Jumanne uliyoiandika iwe Jumanne kweli. Kichwa cha barua kitaje jambo lenyewe, kwa sababu neno "Habari" peke yake halimsaidii mtu mwenye barua sitini za kusoma asubuhi hiyo.

Kuhusu toni, isome barua kwa sauti, kisha utazame vitenzi vyako, maana katika Kiswahili cha ofisini adabu hukaa humo zaidi kuliko katika salamu. "Mnatakiwa kutuma malipo kabla ya Ijumaa" ni amri, na "Tunaomba malipo yatufikie kabla ya Ijumaa" ni ombi lenye tarehe ileile na uzito uleule. Vivyo hivyo, usimwandikie mtu "Hamkututumia stakabadhi" wakati unachokijua kwa hakika ni kwamba stakabadhi haijakufikia; huenda aliituma, nayo imelala kwenye folda yako ya barua taka tangu juzi. Andika "Stakabadhi bado haijatufikia," na utakuwa umesema kweli bila kumshtaki mtu. Upande wa pili wa kosa hili ni unyenyekevu uliopitiliza, yaani aya nzima ya kuulizia afya na familia, na ombi lenyewe likafichwa katika aya ya nne. Anayesoma kwenye simu, tena akiwa safarini, hafiki huko. Salamu iwe sentensi moja, na ombi lifuate.

Majina yanahitaji jicho kali zaidi, hasa huku kwetu. Rungwe na Kyela majina mengi ya ukoo huanza na Mwa-, na ukienda Makete ukaita "Sanga" mbele ya watu kumi, usishangae wakigeuka watano. Mwakyusa na Mwakyoma hutofautiana kwa herufi mbili, na mwenye jina huziona herufi hizo kabla ya kitu kingine chochote katika barua yako. Usiandike jina kwa kukumbuka. Linakili kutoka kwenye sahihi iliyo chini ya barua aliyokutumia yeye mwenyewe, pamoja na cheo chake kama anavyokiandika, awe Dkt., Mhandisi au Profesa. Na kama jina ni Tumaini au Baraka na hujawahi kukutana naye, usikisie kati ya Bwana na Bibi. "Ndugu" inatosha na haimkosei mtu.

Hatari ya majina hayo haiishii kwenye salamu. Ukianza kuandika "mwa" katika sehemu ya mpokeaji, programu hukupendekezea anwani za watu uliowahi kuwaandikia, na ukibonyeza Enter kwa mazoea huchukua iliyo juu, ambayo mara nyingi ni ya mtu unayewasiliana naye zaidi, wala si ya mtu unayemkusudia leo. Kinachoonekana kwenye skrini baada ya hapo ni jina tu. Weka kishale juu ya jina hilo, au liguse ikiwa unatumia simu, mpaka uione anwani kamili, kisha usome kilichoandikwa baada ya alama ya @. Hapo ndipo utakapogundua kama barua ya ofisi inakwenda ofisini au inakwenda kwenye anwani ya nyumbani ya mtu mwingine kabisa.

Kiambatisho kifunguliwe kutoka ndani ya barua yenyewe kabla ya kutumwa. Kukifungua kutoka kwenye folda ya kompyuta hakukuthibitishii kitu, kwa sababu humo mna "bei mwisho", "bei mwisho 2" na "bei mwisho kabisa", na huwezi kujua uliburuta ipi. Ikiwa ni faili la Excel, bonyeza kwa kitufe cha kulia kwenye jina la karatasi iliyo chini, utazame kama neno Unhide limewaka. Likiwaka, ndani yake mna karatasi iliyofichwa, na mpokeaji anaweza kuifichua kwa kubonyeza mara mbili tatu. Nimewahi kuona jedwali la mavuno lililobeba kwa namna hiyo orodha nzima ya wakulima na namba zao za simu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, jambo kama hilo si aibu ya ofisi tu. Mtu wa nje atumiwe PDF yenye ukurasa anaouhitaji, basi. Kwa Gmail, kumbuka pia kwamba viambatisho vikizidi MB 25 hugeuzwa kuwa kiungo cha Drive, na usipotoa ruhusa ya kukifungua, mpokeaji atakutana na mlango uliofungwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa ofisi ya kikundi cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe. Mnunuzi mmoja aliomba bei ya tani 18. Mwenyekiti, mweka hazina na mimi tukajadiliana kwa barua pepe kwa siku mbili, tukakubaliana tuombe shilingi 2,200 kwa kilo. Katikati ya majadiliano hayo mwenyekiti aliandika kwamba mnunuzi akibana sana tushuke hadi 1,750, maana matunda yalikuwa yameshakomaa na hatukuwa na chumba cha baridi. Siku ya tatu akaandika maneno mawili tu: "Sawa, mtumie."

Nilifungua barua hiyo ya maneno mawili, nikabonyeza Reply, nikafuta anwani ya mwenyekiti na kuweka ya mnunuzi. Nilifanya hivyo kwa sababu kichwa cha barua kilikuwa tayari, na sikuona haja ya kukiandika upya. Nikatunga barua nzuri. Jina la mnunuzi nililihakiki herufi kwa herufi. Kiambatisho nilikifungua mara mbili, nikakuta bei ni 2,200 na tarehe ni sahihi. Nikaisoma kwa sauti, ndipo nikaituma, na nakiri kwamba nilijisikia fundi.

Baada ya dakika ishirini hivi lilikuja jibu fupi lenye adabu zote: "Tunashukuru. Tupo tayari kununua kwa shilingi 1,750."

Nilidhani amekosea kusoma. Nikaifungua upya barua yangu, nikaona chini ya sahihi yangu vinukta vitatu vidogo ambavyo nimeviona maisha yangu yote bila kuvigusa. Nilipovibonyeza, mazungumzo yetu ya siku mbili yakafunguka yote, mpaka habari ya chumba cha baridi. Unapojibu barua, programu huyabeba maneno ya barua zilizotangulia na kuyaweka chini ya jibu lako, na Gmail huyakunja nyuma ya vinukta hivyo ili yasikujazie skrini. Kwako yamekunjwa, lakini kwa mpokeaji yamo, na akitumia programu nyingine huenda akayakuta yametandazwa wazi kama mkeka. Tofauti ya shilingi 450 kwa kilo 18,000 ni shilingi 8,100,000. Mwenyekiti hakunigombeza, alikaa kimya mpaka jioni, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko maneno.

Kwa hiyo hakiki hii ipewe nafasi ya kwanza. Kabla ya kutuma, shuka mpaka chini kabisa ya barua, bonyeza vinukta vitatu, na usome kila kitakachofunguka. Kama barua inakwenda nje ya ofisi na imezaliwa ndani ya mazungumzo ya ofisi, usiifanyie ukarabati. Anza barua mpya isiyo na historia, hata kama itakubidi kunakili kichwa na aya zako upya. Ikiwa ni lazima mpokeaji aone mazungumzo ya nyuma, yafute yote isipokuwa sehemu inayomhusu. Tofautisha pia vitufe viwili: ukijibu kwa Reply, viambatisho vya zamani haviendi, ndiyo maana watu huandika "tazama kiambatisho" na kisiwepo; ukitumia Forward, vinakwenda vyote, pamoja na vile ulivyovisahau.

Anwani ya mpokeaji iandikwe mwisho, baada ya hakiki zote. Unapojibu, ifute kwanza na uirudishe mwisho. Barua isiyo na mpokeaji haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza, na hakuna kinga nyingine ninayoiamini kuliko hiyo. Ile nafasi ya Gmail ya kutengua utumaji ipo, lakini huwa ni sekunde 5 usipoibadilisha, na kwenye mipangilio huwezi kuivusha sekunde 30. Iweke 30 leo hii, ila usiitegemee; mimi nilihitaji dakika ishirini.

Sehemu ya Cc nayo itazame mara mbili kabla ya kubonyeza Reply all, kwa sababu aliyewekwa humo na mtu mwingine wiki iliyopita bado yumo. Wakulima arobaini wakitumiwa tangazo moja, anwani zao zikae kwenye Bcc, ili kila mmoja asipewe anwani za wenzake thelathini na tisa.

Barua ya bei isitumwe ukiwa ndani ya daladala, wala saa tano usiku baada ya kuudhiwa na mtu. Ikiwezekana mwenzako wa ofisini aisome, hata kama ni kijana wa mafunzo. Yeye hajui ulichokusudia, kwa hiyo husoma kilichoandikwa. Na ukishaituma, subiri kidogo kabla ya kufunga kompyuta. Mtandao ukiyumba, barua yenye kiambatisho kikubwa hubaki Outbox huku wewe ukidhani imefika, na kifurushi kikiisha katikati hali huwa hiyohiyo. Ifungue folda ya Sent, uione imo, na ukiwa humo vibonyeze tena vile vinukta vitatu.