Kabla hujatafuta namba iliyokosekana kwenye picha ya swali la wastani

Hesabu yenyewe ni fupi: zidisha wastani kwa idadi ya namba upate jumla, kisha toa zile unazozijua. Kinachobaki ndiyo namba inayotafutwa. Hapo watoto wengi hawana shida. Shida iko kwenye picha.

Kwanza soma maelezo ya swali kabla ya kugusa jedwali, uandike pembeni idadi iliyotajwa. Usiipate kwa kuhesabu namba unazoziona.

Nasisitiza hili kwa sababu ya binti wa dada yangu. Alitumiwa picha ya zoezi: wanafunzi 8 walifanya jaribio la alama 20, wastani wao ni 14, tafuta alama ya mmoja. Mpigaji alishika simu upande, ukingo wa kulia ukakatwa. Zikaonekana 12, 15, 9, 18, 13, nafasi tupu, na 16. Mtoto akahesabu nafasi 7, akazidisha kwa 14, akapata 98. Akatoa 83, akabaki na 15. Akahakiki kama alivyofundishwa: 98 gawanya kwa 7 ni 14. Akafunga daftari kwa amani, na kesho yake akawekewa kosa.

Mnaona hatari yake? Kuhakiki hakukumsaidia chochote, kwa sababu alihakiki kwa idadi ileile isiyo sahihi. Angetumia 8, jumla ingekuwa 112, na 112 toa 83 ni 29. Alama 29 katika jaribio la 20 haiwezekani, na hapo angejua kuna namba imefichwa. Ilikuwapo kweli: 11, pale ukingoni. Jumla ya zinazojulikana ni 94, na jibu ni 18.

Pili, tarakimu zenye ukungu. Vuta picha karibu utofautishe 3 na 8, 1 na 7. Ukisoma 13 kuwa 18, jibu lako linapungua 5. Ila wastani ndio uutazame mara mbili, maana kosa lake linazidishwa: nukta na 5 zikififia ukasoma 14 badala ya 14.5, kwa wanafunzi 8 jibu linakosea kwa 4.

Tatu, jumla ikikupa desimali wakati alama zote ni namba nzima, huenda wastani ulikadiriwa. Wastani 14.3 kwa wanafunzi 8 unaleta 114.4, ila jumla halisi ni 114, kwa kuwa 114 gawanya kwa 8 ni 14.25, nayo inakadiriwa kuwa 14.3.

Na ukiona ukingo umekatwa, kivuli cha mkono, au karatasi imekunjwa, omba picha nyingine mapema, kabla mwenye karatasi hajalala. Karatasi ilazwe mezani, simu iwe juu yake wima, na pembe zote nne zionekane.