Ujumbe wa kuomba kuunganishwa LinkedIn: uliza, usiuze

Ukimtafuta meneja wa kiwanda cha samaki Mwanza ili umuuzie maboksi ya kuhifadhi ubaridi, soma kwanza chapisho lake la karibuni, kisha andika ombi lisilozidi herufi 200, lenye swali moja la kazi yake:

“Habari za kazi. Nimesoma ulivyoeleza minofu ya sangara inavyopoteza ubaridi kabla ya kupakiwa. Shida huanzia kwenye barafu au kwenye boksi?”

Swali hilo hujibika kwa neno moja, hata kwenye simu, na jibu lenyewe linakuonyesha kama ni mteja. Bei na linki zisubiri ajibu. Kama hajachapisha chochote kwa miezi, usibuni sifa, mpigie kiwandani. Akaunti ya bure hupewa maombi machache yenye ujumbe kwa mwezi, hivyo yatumie kwa wanaochapisha.